Ngiri ya Kiwambo: Mfuko wa Chakula Unapopanda Kifuani

Watu wengi hulisikia jina la hali hii kwa mara ya kwanza wakiwa wameshika karatasi ya majibu mkononi. Wamesumbuliwa na kiungulia kwa miezi kadhaa, wamepimwa kwa kamera inayopitishwa kinywani, na katika mistari ya mwisho ya ripoti wanasoma kwamba wana henia ya haiatasi. Neno henia hushtua. Kwa mazoea yetu henia, yaani ngiri, ni uvimbe wa kinenani au wa kitovuni ambao tiba yake ni kisu. Basi msomaji wa ripoti huanza kuulizia gharama za upasuaji kabla hajauliza kama anauhitaji.

Katika makala hii tutatumia jina ngiri ya kiwambo, kwa kuwa linataja mahali penyewe panapohusika. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba ngiri ya kiwambo na kiungulia si kitu kimoja. Ngiri ni badiliko la umbile: sehemu ya mfuko wa chakula imepanda mahali pasipo pake. Kiungulia ni dalili: asidi ya mfuko huo imepanda na kuuchoma umio. Mara nyingi ngiri huchochea kiungulia, lakini kila kimoja chaweza kuwapo bila mwenzake. Karibu kila shauri tunalolitoa hapa latokana na tofauti hiyo.

Lango lenye walinzi wawili

Chakula kikishamezwa hushuka kupitia umio, mrija wa misuli ambao kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 25 hivi. Umio hupita kifuani, nyuma ya moyo, na ili uufikie mfuko wa chakula ulioko tumboni hauna budi kupenya ukuta unaotenganisha kifua na tumbo. Ukuta huo ndio kiwambo, msuli mpana wenye umbo la kuba ambao hushuka tunapovuta pumzi na kupanda tunapoitoa. Tundu la kiwambo ambalo umio hupitia ndilo waganga huliita haiatasi.

Penye tundu hilo ndipo lilipo lango la mfuko wa chakula, nalo lina walinzi wawili. Wa kwanza ni msuli wa mviringo ulio katika ncha ya chini ya umio wenyewe, wenye urefu wa sentimita 3 hadi 4. Muda mwingi msuli huo umejikaza; hulegea mtu anapomeza, ili chakula kipite, na anapotoa mbweu, ili hewa itoke. Mlinzi wa pili ni kiwambo. Nyuzi zake zimeuzunguka umio mithili ya kitanzi, nazo huubana kwa nje kila mtu avutapo pumzi, akohoapo au anyanyuapo mzigo. Nyakati hizo ndizo hasa ambazo shinikizo la tumbo huongezeka na yaliyomo mfukoni husukumwa kwenda juu.

Katika mwili usio na kasoro walinzi hao husimama mahali pamoja, mmoja ndani ya mwingine, na nguvu zao hujumlishwa. Utando mwembamba wenye mnyumbuko huushikiza umio kwenye kingo za tundu. Tunapomeza, umio hujifupisha na lango hupanda kidogo, kiasi cha sentimita 2, kisha utando huo hulivuta likarejea mahali pake. Mwendo huo wa kupanda na kurejea hutokea mamia ya mara kila siku, nasi hatuna habari nao.

Jinsi mfuko unavyoteleza

Ngiri huanza utando huo unapochakaa. Kadiri miaka inavyopita hupoteza mnyumbuko wake, kama lastiki ya nguo iliyofuliwa mara nyingi mno, na tundu la kiwambo nalo hupanuka. Lango likipanda halirudi tena lote. Hatimaye sehemu ya juu ya mfuko wa chakula hupita katika tundu na kukaa juu ya kiwambo, ndani ya kifua.

Hii ndiyo ngiri ya kuteleza, na zaidi ya watu 9 katika kila 10 wenye ngiri ya kiwambo wana aina hii. Jina lake ni la haki, kwa maana huteleza kweli. Sehemu iliyopanda yaweza kuingia kifuani mtu alalapo au ajikazapo, na kushuka tena asimamapo. Ndiyo sababu kipimo cha leo chaweza kuiona ngiri ndogo na cha mwezi ujao kisiione, bila ya mpimaji yeyote kuwa amekosea.

Kinachochakaza utando na kupanua tundu ni umri pamoja na shinikizo la tumbo la muda mrefu. Hali hii huonekana zaidi kwa watu waliovuka miaka 50. Huonekana pia kwa watu wanene, hasa wenye mafuta mengi tumboni, na kwa wajawazito. Kikohozi kisichokoma, kujikamua chooni kwa sababu ya choo kigumu, na kazi ya kunyanyua mizigo mizito vyaweza kuchangia. Pilipili, ndimu, chai na mawazo haviwezi kuusogeza mfuko wa chakula. Vyaweza kuzidisha kiungulia kwa baadhi ya watu, lakini havileti ngiri. Wala bakteria aitwaye helikobakta pailori, ambaye ni chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, haleti ngiri.

Ipo pia aina nyingine, iliyo adimu. Katika aina hiyo sehemu ya mfuko hupenya kando ya umio na kupanda kifuani ubavuni mwake. Tunaitaja kwa sababu hatari yake ni tofauti: mfuko waweza kujisokota au kubanwa hadi damu isiufikie. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kwamba ana ngiri ya kiwambo aulize swali moja mapema, nalo ni hili: je, ni ile ya kuteleza au ni ile ya kando ya umio? Yanayofuata katika makala hii yanahusu ile ya kuteleza.

Kwa nini kupanda huko huleta kiungulia

Athari ya kwanza ni kwamba walinzi wametenganishwa. Msuli wa umio sasa uko juu, kifuani; kitanzi cha kiwambo kimebaki chini. Kila mmoja analinda peke yake, na nguvu zao hazijumlishwi tena. Zaidi ya hayo, kiwambo sasa hakiubani umio, bali huubana mfuko wa chakula wenyewe. Mtu akiinama kufunga viatu au akijikaza kuinua ndoo, shinikizo la tumbo huongezeka kama kawaida, lakini msaada uliokuwa ukija wakati huohuo haupo tena mahali unapohitajika.

Athari ya pili yahusu kile kifuko kidogo kilichobaki kati ya walinzi hao wawili. Baada ya kula, asidi mpya inayotoka katika kuta za mfuko haichanganyiki yote na chakula. Sehemu yake hutanda juu ya chakula, karibu na lango, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kwa mtu asiye na ngiri tabaka hilo hukaa chini ya kiwambo. Kwa mwenye ngiri, hasa iliyo kubwa, huweza kuingia katika kifuko kilicho juu ya kiwambo na kunaswa humo. Msuli wa umio ukilegea hata kidogo, asidi iko mlangoni tayari. Ndiyo maana kiungulia huwaka zaidi baada ya mlo wa kushiba, wakati ambao mtu angedhani kwamba chakula kimeipunguza asidi makali.

Athari ya tatu ni katika kuusafisha umio. Asidi ikipanda kidogo, umio huirudisha chini kwa kusukuma, na mate tunayoyameza huondoa ukali uliobaki. Penye ngiri, asidi iliyosukumwa chini huishia katika kile kifuko na kupanda tena mara msuli unapolegea. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa aliyelala humeza kwa nadra, mate yake hupungua, na mwili uliolala chali hausaidiwi na mvutano wa ardhi. Asidi ya usiku hukaa ndani ya umio kwa muda mrefu kuliko ya mchana, nayo huuchubua zaidi.

Mambo hayo matatu yanaeleza dalili ambazo watu hutuuliza. Moto unaopanda kutoka chembe ya moyo kuelekea kooni ni asidi inayogusa umio. Maji machungu au makali yanayofika kinywani mtu ainamapo ni yaliyomo mfukoni yakirudi juu. Kikohozi cha usiku na sauti inayokwaruza asubuhi vyaweza kutokea asidi inapofika karibu na koo, ingawa dalili hizo mbili zina sababu nyingine nyingi.

Ngiri bila kiungulia, na kiungulia bila ngiri

Wapo watu wengi wenye ngiri ndogo ya kuteleza wasiojua kwamba wanayo. Hugundulika kwa bahati, katika picha ya kifua au kipimo kilichofanywa kwa sababu nyingine. Mtu wa namna hiyo, asiye na dalili yoyote, hahitaji dawa wala upasuaji kwa sababu tu ya neno lililoandikwa katika ripoti.

Wapo pia wenye kiungulia kikali ambao lango lao liko mahali pake barabara. Kwao tatizo ni kwamba msuli wa umio hulegea wakati usiofaa, ingawa kiwambo hakina kasoro. Mwaka 1951 daktari mpasuaji wa Uingereza, Philip Allison, alieleza kwa kina uhusiano kati ya ngiri ya kuteleza na umio ulioungua kwa asidi. Kwa miaka mingi baada yake ngiri ilitazamwa kana kwamba ndiyo ugonjwa wenyewe. Vipimo vya shinikizo vilivyokuja baadaye vilionyesha mchango wa msuli wa umio, na leo walinzi wote wawili huhesabiwa pamoja.

Ukubwa wa ngiri una maana yake. Kwa jumla, ngiri iliyo kubwa huambatana na asidi nyingi zaidi katika umio na michubuko mikali zaidi. Hata hivyo kipimo cha sentimita hakiwezi peke yake kumwambia mtu ataumia kiasi gani. Anayetibiwa ni mtu pamoja na dalili zake na hali ya umio wake, wala si namba iliyo katika karatasi.

Mfano: kuisoma ripoti na kuifanyia kazi

Tuchukue mfano tulioutunga ili kuonyesha jinsi mambo haya yanavyokutana. Mama lishe mwenye umri wa miaka 56, mwenye uzito wa kilo 92 na urefu wa sentimita 160, hufunga biashara saa tatu usiku. Hula saa nne na kulala saa nne na nusu. Kwa mwaka mzima ameamka usiku mara tatu au nne kwa wiki kwa moto wa kifuani na maji makali kooni. Amenunua dawa za vidonda vya tumbo mara mbili bila kupimwa, na kwa ajili ya magoti humeza diklofenaki karibu kila siku.

Anapimwa kwa kamera. Ripoti inasema kwamba mpaka wa umio na mfuko wa chakula uko sentimita 36 kutoka kwenye meno, na mbano wa kiwambo uko sentimita 40. Hesabu yake ni nyepesi. Mipaka hiyo miwili ingepaswa kuwa mahali pamoja au karibu sana. Tofauti ya sentimita 4 ndiyo sehemu ya mfuko iliyopanda. Ripoti inaongeza kwamba umio una michubuko ya daraja A, katika kipimo ambacho A ni nyepesi kuliko zote na D ni kali kuliko zote. Hakuna kidonda mfukoni, na kipimo cha bakteria hakikumwonyesha. Kwa maneno mengine, zile dawa za vidonda alizonunua zililenga ugonjwa ambao hakuwa nao.

Daktari anamwandikia omeprazoli ya miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 8. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha zao. Dawa ya jamii hii huzuia vitundu vya ukuta wa mfuko vinavyotoa asidi, lakini huvizuia vikiwa vinafanya kazi, na kinachoviamsha ni chakula. Kwa hiyo humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula, mara nyingi kabla ya kifungua kinywa. Anayeimeza wakati wa kulala, baada ya kushiba, hupata sehemu tu ya nguvu yake. Tena haitulizi papo hapo. Yahitaji siku kadhaa ili ifikie nguvu yake kamili. Kwa moto wa ghafla zipo dawa za kupoza asidi, za kutafuna au za maji, ambazo hufanya kazi kwa dakika chache na kuisha baada ya muda mfupi. Dawa hizo za kupoza huzuia baadhi ya dawa nyingine zisiingie mwilini, kama vidonge vya madini ya chuma na baadhi ya antibiotiki, hivyo ziachanishwe kwa saa kadhaa kwa maelekezo ya mfamasia.

Daktari anaisimamisha pia diklofenaki, kwa kuwa huuchubua mfuko na umio, na kumpa parasetamoli mahali pake. Kisha anazungumzia kitanda. Miguu ya kitanda ya upande wa kichwa iinuliwe sentimita 15 hadi 20 kwa vipande vya mbao au matofali imara, ili mwili mzima uwe na mteremko. Kulimbikiza mito hakufai, kwani hukunja mwili kiunoni na kuongeza shinikizo la tumbo. Kulala ubavu wa kushoto husaidia pia, kwa sababu mfuko wa chakula hukaa chini ya lango na asidi hutulia huko. Ubavu wa kulia huliweka lango chini ya asidi.

La mwisho ni saa ya kula. Mlo wa mwisho unatakiwa uishe walau saa 3 kabla ya kulala. Mama huyu hawezi kufunga biashara mapema, basi anahamisha mlo badala ya kuhamisha usingizi: anakula chakula chake kikuu saa kumi na mbili jioni, kabla wateja wa usiku hawajajaa, na akifika nyumbani anakunywa maji kidogo tu. Anaacha kujifunga kanga kwa kuikaza kiunoni. Polepole anapunguza uzito.

Baada ya wiki 8 moto wa usiku umekoma. Je, ngiri imekwisha? Haijaisha. Akipimwa leo, tofauti ya sentimita 4 ingali pale. Dawa imepunguza ukali wa kinachopanda, na kitanda pamoja na saa ya kula vimepunguza upandaji wenyewe; hakuna hata kimoja kilichoushusha mfuko. Akiacha dawa ghafla, asidi yaweza kuongezeka kwa siku au wiki kadhaa, naye akadhani kwamba ugonjwa umerudi kwa kishindo. Kwa hiyo daktari anampunguzia hatua kwa hatua, na kutazama kama mabadiliko ya maisha yanamtosha. Wapo ambao huwatosha, na wapo wanaohitaji kiasi kidogo cha dawa kwa muda mrefu. Mwenye michubuko mikali, ya daraja C au D, asiache dawa bila ya ushauri.

Upasuaji ni wa nani

Upasuaji upo, nao huushusha mfuko, hulipunguza tundu la kiwambo kwa kulishona, na huizungushia ncha ya umio sehemu ya juu ya mfuko kama kilemba. Njia hiyo ya kuzungushia ilianzishwa na daktari mpasuaji Rudolf Nissen katika miaka ya 1950, na siku hizi hufanywa mara nyingi kupitia matundu madogo. Huwafaa watu ambao dawa zilizotumiwa ipasavyo hazikuwatosha, wanaoendelea kucheua maji makali hata baada ya moto kutulia, au wenye ngiri kubwa na madhara yake. Ina gharama zake pia: baadhi ya watu hupata shida ya kumeza kwa muda, wengine hujaa gesi kwa kushindwa kutoa mbweu, na ngiri yaweza kurudi baada ya miaka. Kabla ya uamuzi huo umio hupimwa nguvu zake za kusukuma, na mara nyingi kiasi cha asidi kinachopanda kwa saa 24. Anayependekezewa upasuaji bila ya vipimo hivyo ana haki ya kuuliza sababu.

Dalili ambazo ngiri isisingiziwe

Hatari moja ya kulijua jina la ugonjwa ni kulitumia kueleza kila maumivu. Zipo dalili ambazo mwenye ngiri hapaswi kuzivumilia akisema kwamba ni ile ngiri yake.

Ya kwanza ni chakula kukwama. Chakula kigumu kama nyama au ugali kikianza kukwama, kisha na laini, nenda hospitali mapema. Mashariki mwa Afrika ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako saratani ya umio huonekana kwa wingi, na nyingi ya saratani hizo hazitokani na kiungulia. Kupungua uzito bila ya kukusudia pamoja na kukwama kwa chakula ni jambo la kupimwa kwa kamera bila kuchelewa.

Ya pili ni damu: kutapika damu au kitu mfano wa unga wa kahawa, au kupata choo cheusi kama lami. Damu yaweza pia kupotea bila kuonekana. Katika ngiri kubwa, mikunjo ya mfuko hukwaruzwa na kiwambo na kuvuja damu kidogo kidogo hadi mtu akapungukiwa damu. Mwenye ngiri kubwa anayechoka upesi na kuishiwa pumzi apimwe wingi wa damu.

Ya tatu ni maumivu ya kifua yenye kubana, yanayokuja mtu apandapo mlima au ngazi, yanayoenea begani, mkononi au tayani, au yanayoambatana na jasho baridi na kukosa pumzi. Hayo yachukuliwe kuwa ya moyo hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Usinywe dawa ya asidi ukasubiri. Nenda hospitali mara moja. Hali kadhalika, maumivu makali ya ghafla ya kifua au tumbo la juu, pamoja na kutaka kutapika bila kuweza, ni dharura, hasa kwa mwenye ngiri ya kando ya umio.

Kabla hujalipa

Madukani na mitaani huuzwa vitu vingi kwa ahadi ya kuurudisha mfuko wa chakula mahali pake: unga wa mizizi, mikanda ya kubana tumbo, na ukandaji wa chembe ya moyo. Msomaji aliyetufuata hadi hapa anaweza kuzipima ahadi hizo mwenyewe. Kinachonywewa hakiwezi kuushona utando uliochakaa. Mkanda unaobana tumbo huongeza shinikizo lilelile lililousukuma mfuko juu, na hivyo waweza kuzidisha kiungulia. Picha ya mawimbi ya sauti ya tumbo, ambayo watu wengi huitwa kuilipia, si kipimo cha kutegemewa kwa ngiri hii. Kamera au picha za eksirei baada ya kunywa uji wa bariamu ndivyo vipimo vyake.

Si kila mwenye kiungulia anahitaji hata vipimo hivyo. Mtu mzima ambaye hajafikia umri mkubwa, asiye na dalili yoyote kati ya zile za hatari, mara nyingi huanza kwa matibabu ya majaribio ya wiki 4 hadi 8, na kamera huja iwapo hapati nafuu au dalili zinarudi. Anayejinunulia dawa ya kupunguza asidi dukani asizidishe siku 14 bila ya kumwona daktari.

Unapopewa ripoti yenye jina la ngiri ya kiwambo, muulize daktari mambo manne kabla ya kutoka chumbani. Ni ya aina gani, na ina sentimita ngapi? Umio wangu umechubuka, na kwa daraja gani? Dawa hii niimeze saa ngapi, na kwa wiki ngapi? Na nne, kipimo au tiba unayonishauri itabadilisha nini ambacho dawa na mabadiliko ya maisha hayawezi? Yaandike majibu nyuma ya ripoti na uitunze. Daktari atakayekuona mwakani atayahitaji, nawe hutalazimika kulipia tena kipimo kwa ajili ya kujua jambo ambalo lilikwisha kujulikana.